Hisa, Chai na Hazina: Jinsi Kampuni ya Mashariki ya India Ilivyoifunga Uingereza kwenye Himaya

Mwaka 1709 kampuni mbili za Kiingereza zilizokuwa zikigombania biashara ya Asia zilikamilisha muungano wao. Mtaji wa kampuni iliyozaliwa ulikuwa pauni milioni 3.2. Mtu ambaye angezitafuta fedha hizo katika maghala ya London, katika meli, au katika ngome za Bombay na Madras asingeziona, kwa sababu zote zilikuwa zimekopeshwa serikali. Chai, hariri na pilipili manga zilinunuliwa kwa fedha nyingine kabisa, za mikopo ya muda mfupi ambayo Kampuni iliichukua kwa wenye akiba wa London. Kwa hiyo mjane wa Kiingereza aliyekuwa na hisa za Kampuni ya Mashariki ya India alikuwa, kwa wakati mmoja, mfanyabiashara wa Bengali na mdai wa serikali yake mwenyewe.

Historia ya himaya za Ulaya husimuliwa zaidi kwa manowari, mapigano na magavana. Hayo yote yalikuwepo. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini serikali zilizoanza kwa kutoa vibali tu ziliishia kutawala mamilioni ya watu ng'ambo, daftari za hazina zinaeleza mengi kuliko kumbukumbu za vita. Fundo lilifungwa kwa mkopo, kwa ushuru wa forodha na kwa gawio la wanahisa, na kila serikali iliyoingia madarakani ililikaza kidogo kwa sababu zake za mwaka huo. Nitaifuata Kampuni hii moja ya Kiingereza, kwa kuwa ndani yake hatua zote zinaonekana.

Ilianza kwa udogo. Tarehe 31 Desemba 1600 Malkia Elizabeth wa Kwanza alitia saini hati iliyowapa wafanyabiashara zaidi ya 200 haki ya kufanya biashara peke yao, kati ya Waingereza wote, katika bahari zote zilizo mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema, kwa miaka 15. Malkia hakutoa meli wala askari. Walichangishana wenyewe kama pauni 68,000, na Februari 1601 James Lancaster akaondoka na meli nne kwenda kutafuta pilipili. Alirudi mwaka 1603. Safari ya namna hiyo ilikula zaidi ya miaka miwili na ingeweza kupotelea baharini na kila kilichomo, na hakuna tajiri mmoja wa London aliyekuwa tayari kuibeba hatari hiyo peke yake. Kwa miaka ya mwanzo kila safari ilikuwa na daftari lake: watu walichanga, meli zikaenda, zikarudi, mali ikauzwa, kila mtu akachukua chake. Mtaji wa kudumu, usiorudishwa mwisho wa safari, ulikuja mwaka 1657 tu.

Waholanzi walikuwa wamewatangulia mbali katika hilo. Kampuni yao, iliyoundwa Machi 1602 kwa amri ya Bunge lao, ilikusanya takribani gilda milioni 6.4, mara nyingi ya mtaji wa Waingereza, na hati yake iliiruhusu kujenga ngome, kuajiri askari na kufunga mikataba na watawala wa Asia kwa jina la dola ya Uholanzi. Katika daftari la Amsterdam la mwaka huo liko jina la Neeltgen Cornelis, mtumishi wa ndani katika nyumba ambamo michango iliandikwa, aliyeweka gilda 100. Fedha zilipoingia hazikutoka tena. Aliyetaka kuondoka ilimbidi amuuzie mtu mwingine hisa yake. Mtaji usiotoka ndio ulioweza kujenga ngome, kwani ngome hailipi mwaka huu wala mwakani. Ndio pia uliolipia safari ya Jan Pieterszoon Coen ya mwaka 1621 katika visiwa vya Banda, mahali pekee ambapo kungumanga ilikuwa ikilimwa kwa biashara wakati huo. Wakazi wa Banda walikuwa kama 15,000. Baada ya mauaji, njaa na kusafirishwa kama watumwa, walibaki wachache sana, na mashamba yao wakagawiwa Waholanzi walioyaendesha kwa kazi ya watumwa. Ukiritimba wa viungo ulikuwa umeandikwa kwenye hati huko Ulaya. Kisiwani ulitekelezwa hivyo.

Turudi London. Kampuni ya Kiingereza ilikuwa na tatizo la hoja. Wakati huo fikra iliyotawala, ile ambayo vitabu vya historia huiita merkantilizimu, ilisema taifa hutajirika likiuza nje zaidi ya linavyonunua, tofauti ikalipwa kwa dhahabu na fedha. Na Kampuni ilikuwa ikifanya kinyume mbele ya macho ya watu. Asia haikuhitaji sufu ya Kiingereza kwa wingi, kwa hiyo meli ziliondoka na makasha ya sarafu za fedha. Hati ya kwanza ilikuwa imeruhusu pauni 30,000 za fedha kwa safari moja. Thomas Mun, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi, alitoa jibu ambalo baadaye likawa msingi wa fikra nzima: tusihesabu safari moja, tuhesabu biashara yote ya taifa. Fedha ikienda India ikarudi na pilipili, na sehemu kubwa ya pilipili hiyo ikauzwa Italia, Ujerumani na Uturuki, fedha inayorejea ni nyingi kuliko iliyotoka.

Hoja ya Mun ilikuwa na sharti ndani yake, na sharti hilo ndilo lililoialika serikali. Ili hesabu ya taifa zima iwe na ziada, lazima mtu awepo wa kuisimamia: aamue bidhaa gani iingie, ipi ipite tu kwenda kuuzwa nje, meli za nani ziibebe, na itozwe kiasi gani. Sheria ya Usafirishaji ya mwaka 1651, na ile iliyoirithi mwaka 1660, zilielekeza mizigo kwenye meli za Kiingereza. Kisha zikaja sheria za vitambaa. Vitambaa vya pamba vya India vilivyopigwa chapa vilipendwa mno Uingereza hata wafumaji wa sufu na hariri wakalalamika, na mwaka 1719 wale wa Spitalfields wakafanya ghasia mitaani na kuwachania nguo wanawake waliovivaa. Bunge lilikuwa limeshapiga marufuku uingizaji wake mwaka 1700. Mwaka 1721 likapiga marufuku hata kuvivaa. Lakini Kampuni haikufungiwa kuvileta. Iliruhusiwa kuvishusha London, kuvifungia ghalani chini ya kufuli ya forodha, na kuviuza nje. Vingi vilipelekwa Afrika Magharibi kununulia watumwa. Kwa sheria hiyo moja serikali ilimlinda mfumaji wa Spitalfields, ikamwachia mwanahisa faida yake, na ikaiunganisha Dhaka na pwani ya Guinea kupitia ghala la London.

Huo ndio ulikuwa ulinzi. Mkopo ulikuja na vita. Vita na Ufaransa vilivyoisha mwaka 1697 viliiacha serikali ya Mfalme William ikiwa na madeni makubwa, na Bunge likaona kwamba haki ya biashara ya Asia ni kitu kinachoweza kuuzwa. Kampuni ya zamani iliahidi kukopesha pauni 700,000 kwa riba ya asilimia 4. Wapinzani wake wakaahidi milioni 2 kwa asilimia 8. Bunge likachagua fedha nyingi, japo zilikuwa ghali maradufu, na mwaka 1698 haki ikaenda kwa kampuni mpya. Riba iliwekewa dhamana ya kodi, na mojawapo ilikuwa kodi ya chumvi. Kwa hiyo Mwingereza maskini aliyetia chumvi kwenye nyama yake alikuwa akichangia riba ya watu walionunua haki ya kufanya biashara Surat. Kampuni ya zamani nayo haikulala. Ilijiandikisha ndani ya mkopo wa mpinzani wake kwa pauni 315,000 ili ibaki na mguu sokoni. Zikasumbuana kwa miaka kumi hadi zilipounganishwa, na bei ya serikali ya kuubariki muungano ilikuwa mkopo mwingine wa pauni milioni 1.2, safari hii bila riba ya nyongeza. Ndivyo tulivyofika kwenye zile milioni 3.2.

Tangu hapo kila hati ilipokaribia kwisha, mazungumzo yalikuwa yaleyale. Mwaka 1730 Kampuni ililipa pauni 200,000 na kukubali riba ipunguzwe. Mwaka 1744, katikati ya vita vingine, ilikopesha pauni milioni 1 kwa asilimia 3, ikaongezewa muda hadi 1780. Zaidi ya hayo ilitakiwa kuiletea serikali tani 500 za shura kila mwaka, kwa bei iliyopangwa. Shura ilitoka Bihar, karibu na Patna, na bila shura hakuna baruti. Jeshi la wanamaji lililozilinda meli za Kampuni lilipiga mizinga yake kwa mzigo wa meli hizohizo.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi huipita haraka, nayo ni wepesi wa kutoza kodi. Serikali ya karne ya 18 haikuwa na namna ya kujua kila raia anapata nini, lakini ilijua vizuri kila sanduku la chai lililoshuka mto Thames. Meli za Kampuni zilitia nanga chini kidogo ya London. Mizigo ikahamishiwa kwenye mashua zilizofungwa, ikapelekwa maghalani, na funguo zikawa mbili: moja ya Kampuni, moja ya maofisa wa ushuru. Kisha ukaja mnada kwenye makao makuu ya mtaa wa Leadenhall. Kwa desturi ya zamani, kipande cha mshumaa cha inchi moja kiliwashwa, na aliyetaja bei ya mwisho kabla haujazimika ndiye aliyechukua mzigo. Bei hiyo ilikuwa msingi wa kodi. Kuanzia mwaka 1745 chai ililipiwa asilimia 25 ya bei ya mnada na shilingi moja juu ya kila ratili, mbali na ushuru wa forodha. Muuzaji mmoja, mji mmoja, mnada mmoja: kwa mtoza kodi hakuna kilichokuwa rahisi kuliko hicho. Ukiritimba ambao wachumi wa baadaye waliulaumu, hazina iliuona kama kituo chake cha makusanyo.

Ulikuwa na udhaifu wake, na udhaifu huo ulionekana kwa wasafirisha magendo. Waswidi, Wadenmaki, Wafaransa na Waholanzi nao walinunua chai Canton, na kiasi kikubwa kiliingia Uingereza usiku kupitia fukwe za Kent na Sussex bila kodi. Kadiri serikali ilivyopandisha ushuru kulipia vita, ndivyo magendo yalivyonawiri. Mwaka 1784 wastani wa kodi ulikuwa umefika asilimia 119, ndipo waziri mkuu Pitt alipouteremsha hadi 12.5 kwa mkupuo mmoja, na mauzo halali yakaongezeka zaidi ya maradufu ndani ya muda mfupi. Baadaye kodi ilipanda tena, na mwanzoni mwa karne ya 19 chai peke yake iliipa serikali kama sehemu moja ya kumi ya mapato yake.

Hadi katikati ya karne ya 18, hata hivyo, fundo hili lilikuwa bado la biashara. Kampuni ikianguka, hazina ingeumia, lakini Uingereza isingekuwa na nchi ya kuipoteza. Mambo yaligeuka Bengali. Juni 1757, huko Plassey, Robert Clive na askari kama 3,000 wa Kampuni walimshinda nawabu Siraj ud-Daulah, ushindi ulioandaliwa kwa njama pamoja na jemadari wake Mir Jafar na mabenki wakubwa wa Murshidabad. Miaka minane baadaye, Agosti 1765, mfalme wa Mughali Shah Alam wa Pili aliipa Kampuni haki ya diwani: kukusanya kodi ya ardhi ya Bengali, Bihar na Orissa. Naye angepata laki 26 za rupia kwa mwaka. Clive aliandika London kwamba, gharama zote zikishatolewa, Kampuni itabaki na zaidi ya pauni milioni 1.6 kila mwaka.

Fikiria maana yake kwa lile tatizo la Mun. Makasha ya sarafu za fedha hayakuwa na haja tena ya kupelekwa Bengali. Kodi ya Wabengali ilinunua vitambaa vya Wabengali, vitambaa vikaenda London, vikauzwa, na mauzo yakabaki London. Mfumaji wa Dhaka alilipwa kwa fedha aliyotozwa yeye na ndugu zake wakulima. Kwa hesabu ya kimerkantili hii ilikuwa ndoto: bidhaa zinaingia, fedha haitoki. Kwa hesabu ya Bengali ilikuwa nchi inayouza nje bila kulipwa.

Habari za diwani zilipofika London mwaka 1766, bei ya hisa ilipaa. Wanahisa walitaka zao mara moja. Gawio lililokuwa asilimia 6 likapandishwa hadi 10, na Mei 1767 wakapiga kura lifike 12.5, jambo ambalo Bunge lililizuia kwa muda. Wakati huohuo serikali iliuliza swali lililowatia hofu wakurugenzi: nchi iliyotekwa na raia wa Mfalme ni mali ya nani, ya Mfalme au ya Kampuni? Swali halikujibiwa. Lilinunuliwa. Kampuni ilikubali kulipa hazina pauni 400,000 kila mwaka, na suala la umiliki likawekwa kando.

Kwa nini 400,000, na kwa nini mwaka huo? Februari 1767 wabunge, wengi wao wenye ardhi, walikuwa wamejipunguzia kodi ya ardhi kutoka shilingi nne hadi tatu kwa kila pauni. Hazina ikapoteza takribani pauni 500,000 kwa mwaka. Waziri wa fedha, Charles Townshend, alikuwa na pengo la kuziba, na akaliziba kutoka pande mbili za bahari. Upande mmoja ulikuwa Bengali. Upande wa pili ulikuwa makoloni ya Amerika, ambako aliweka ushuru mpya kwenye kioo, karatasi, rangi na chai. Nafuu ya mwenye shamba wa Kiingereza ilihamishiwa kwa mkulima wa Bihar na mnywaji chai wa Boston. Hakuna hati ya mwaka 1767 inayotangaza kwamba Uingereza imeamua kuwa himaya ya India, lakini bajeti ya mwaka huo haikukamilika bila India. Wapo wanaosema himaya ile ilipatikana bila kukusudiwa. Mimi naona bajeti ni kusudio la kutosha.

Makubaliano yalipohuishwa mwaka 1769, mgao wa serikali uliunganishwa na gawio. Gawio likiteremka chini ya kiwango fulani, zile 400,000 nazo zingepungua. Waziri aliyetakiwa kuwadhibiti wakurugenzi sasa alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kutaka gawio libaki juu. Bungeni kulikuwa na wabunge wenye hisa, na katika mikutano ya wanahisa kila aliyekuwa na hisa za pauni 500 alikuwa na kura moja, kwa hiyo makundi yaligawanya hisa kwa marafiki na watumishi kabla ya uchaguzi ili kuzidisha kura. Siasa za Bunge na siasa za Leadenhall zikawa hazitenganiki.

Tatizo ni kwamba hesabu ya Clive haikutimia. Jeshi la Kampuni lilikua na kumeza kodi. Vita na Haidar Ali wa Mysore vilikuwa vya hasara, na mwaka 1769 habari zake zilibomoa bei ya hisa. Kisha mvua zikakosekana Bengali, na mwaka 1770 ikawa njaa kuu. Makadirio ya wakati ule yalikuwa theluthi ya wakazi, watu kama milioni 10. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu idadi, lakini hakuna anayebisha kwamba waliokufa walikuwa mamilioni. Kilichofuata kinaonyesha mfumo ulivyofanya kazi. Warren Hastings, gavana wa Bengali, aliwaandikia wakurugenzi mwaka 1772 kwamba makusanyo ya mwaka 1771 yalizidi hata yale ya mwaka 1768, kabla ya njaa, na akakiri kuwa yalishikiliwa kwa nguvu. Moja ya njia hizo iliitwa najai: kijiji ambacho jirani alikufa au kukimbia, waliobaki walitozwa sehemu yake. Gawio la London mwaka 1771 lilikuwa asilimia 12.5.

Makusanyo hayo hayakutosha. Maofisa wa Kampuni waliotajirika Bengali walitaka kupeleka utajiri wao nyumbani, na njia nyepesi ilikuwa kuiachia Kampuni rupia huko Calcutta na kupewa hundi ya kulipwa London. Hundi za zaidi ya pauni milioni moja ziliwasili kwa mkupuo. Maghalani kulikuwa na ratili kama milioni 17 za chai isiyouzika, kwa sababu ya magendo na kwa sababu Wamarekani walikuwa wameigomea. Ushuru wa forodha ulikuwa haujalipwa. Zile 400,000 zilisubiriwa. Ndipo Juni 1772 mwenye benki Alexander Fordyce, aliyekuwa amecheza kamari ya kwamba bei ya hisa za Kampuni itashuka na ikamwendea kombo, akatoroka London akiacha madeni, na mabenki ya London, Scotland na Amsterdam yakaanza kuporomoka moja baada ya jingine. Kampuni ilikwenda Benki ya Uingereza kukopa 400,000, ikapata. Ikarudi kuomba 300,000, ikapewa 200,000 tu. Agosti wakurugenzi wakapiga hodi kwa waziri mkuu, Lord North: wanahitaji angalau milioni moja.

Huu ndio wakati wa kupima fundo limekaza kiasi gani, na kipimo ni kimoja: nani angeumia Kampuni ikiachwa ife? Mwaka 1620 wangeumia wafanyabiashara wake. Mwaka 1772 ingeumia hazina, iliyoingiza mgao na ushuru katika mipango yake. Wangeumia wenye hati za madeni ya Kampuni, ambao wengi wao walikuwa pia wenye hati za madeni ya serikali. Wabunge wangepoteza mali zao. Na Bengali, pamoja na jeshi lake, ingebaki bila mwenyewe, Wafaransa wakitazama. North hakuwa na nafasi ya kukataa. Mwaka 1773 Bunge liliikopesha Kampuni pauni milioni 1.4 na kusamehe zile 400,000 kwa muda. Kwa zaidi ya miaka 70 Kampuni ilikuwa mkopeshaji wa serikali. Sasa serikali ikawa mkopeshaji wa Kampuni, na mkopeshaji ana masharti.

Masharti yalikuja katika sheria mbili za mwaka huohuo. Ya kwanza ililiwekea gawio kikomo cha asilimia 6 hadi mkopo ulipwe, ikapandisha kiwango cha kupiga kura hadi hisa za pauni 1,000, na ikaweka Calcutta gavana mkuu, baraza na mahakama kuu. Bunge lilikuwa limeanza kutawala Bengali. Ya pili ilihusu ile chai ya maghalani: Kampuni iliruhusiwa kuipeleka Amerika yenyewe, ikarejeshewa ushuru uliolipwa London, lakini ile peni tatu kwa ratili aliyoiacha Townshend ikabaki. Chai ingekuwa rahisi kuliko ya magendo. Wamarekani waliona jambo jingine: kampuni iliyookolewa na Bunge inaletwa kwao ikiwa na kodi ambayo hawakuikubali. Tarehe 16 Desemba 1773, bandarini Boston, masanduku zaidi ya 340 yakamwagwa baharini. Miaka kumi baadaye Uingereza ilikuwa imepoteza makoloni 13 na imebaki na Bengali.

Kutoka hapo njia ilikuwa imeshaonekana, na sitaifuata kwa kila hatua. Mwaka 1784 serikali iliunda bodi ya kuisimamia Kampuni. Mwaka 1813 ukiritimba wa India ulifutwa, na viwanda vya Lancashire vikafunguliwa soko ambalo zamani lilikuwa likiwavisha Waingereza. Mwaka 1833 ukaondolewa ukiritimba wa China, na Kampuni ikaacha biashara kabisa. Ikabaki serikali yenye wanahisa. Hati ya mwaka huo inastahili kusomwa polepole. Iliwahakikishia wanahisa gawio la asilimia 10.5 juu ya mtaji wa pauni milioni 6, yaani pauni 630,000 kila mwaka, kwa miaka 40, na iliamua zitoke katika mapato ya India. Baada ya maasi makubwa ya mwaka 1857 Malkia alichukua utawala moja kwa moja, lakini gawio liliendelea. Kampuni ilipofutwa mwaka 1874, hisa zilinunuliwa kwa maradufu ya thamani yake ya awali, na deni hilo likawa la India. Wahindi waliinunua kampuni iliyowatawala.

Haya yasitufanye tuzidishe chumvi. Sehemu kubwa ya mapato ya Uingereza ilitoka kwa walipa kodi wa Uingereza wenyewe, kwenye bia, chumvi na ardhi, na himaya mara nyingi ilikuwa ghali kuliko faida yake kwa taifa zima. Adam Smith alilisema hilo mwaka 1776, na alikuwa sahihi. Lakini taifa zima halikai mezani bajeti inapopangwa. Waliokaa walikuwa wenye hisa, wenye kudai serikali na mawaziri wenye mapengo ya mwaka huo, na kwao kuachia kulikuwa na gharama kubwa kuliko kuendelea. Uholanzi ilifika mwisho uleule kwa njia fupi zaidi: kampuni yao ilifilisika, hati yake ikaisha siku ya mwisho ya mwaka 1799, na dola ikarithi madeni pamoja na Java.

Pwani yetu iliuona mfumo huu katika uzee wake. Mwaka 1885 kampuni ya Carl Peters ilipata hati ya Kaizari. Upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim ulipoishinda mwaka 1888, Bunge la Ujerumani likatoa mark milioni 2 na jeshi, na kufikia mwaka 1891 nchi ikawa ya dola. Upande wa kaskazini, William Mackinnon alipata hati ya kifalme Septemba 1888 kwa ajili ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Ilikodi ukanda wa pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, ikatumbukia kwenye gharama za Uganda, na kufikia mwaka 1895 ilikuwa imeishiwa. Serikali ya Uingereza iliichukua nchi, na wanahisa wakalipwa fidia ya pauni 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilitoka kwenye fedha za Zanzibar: zile ambazo Wajerumani walikuwa wamemlipa Sultani kwa pwani ya Tanganyika. Uingereza nayo ikaendelea kuilipa Zanzibar pauni 17,000 kila mwaka kwa pwani ya Kenya, 11,000 zikiwa kodi ya ardhi, na 6,000 riba ya asilimia 3 juu ya zile 200,000 ambazo Zanzibar ilikuwa imetoa kuwalipa wanahisa wa London.